Mkupuo Ukilipa Watu Mara Mbili, Usirudishe Pesa Zote

Malipo ya kikundi yakiharibika, sauti ya kwanza kusikika kwenye mkutano huwa ni hii: "Rudisheni zote, tuanze upya." Inaonekana ni ya haki, kwa sababu kila mtu anarudi sufuri na hakuna aliyependelewa. Sisi tunaipinga. Kurudisha mkupuo mzima ndiyo njia ya haraka zaidi ya kugeuza kosa la watu 45 likawa kosa la watu 320. Hapa tunaeleza kwa nini, na nini cha kufanya badala yake.

Makala hii ni ya wale wanaolipa watu wengi kwa simu: mweka hazina wa chama, karani wa kikundi cha maziwa, mwenye shamba anayelipa vibarua. Ni yako pia wewe unayepokea tu, maana siku moja unaweza kuamka ukute meseji mbili za pesa badala ya moja.

Karani asiyelala

Siku hizi mweka hazina haketi tena kutuma pesa mtu mmoja mmoja. Anapakia orodha, anaidhinisha, halafu programu inachukua mstari wa kwanza, inatuma, inaenda wa pili, mpaka mwisho. Tuiite karani wa kompyuta. Anafanya kazi usiku, hachoki, na kwa kawaida hakosei hesabu. Shida yake ni moja: akikosea, anakosea kwa kasi ileile anayofanyia kazi nzuri.

Kosa lake la kawaida linatokana na ukimya. Ukipeleka mzigo kwa matatu kutoka Plateau hadi Eldoret, unapata majibu mawili. La kwanza ni la kondakta pale steji: "Nimeupokea." La pili ni simu ya mwenye mzigo baadaye: "Umefika." Malipo ya simu ya mkupuo nayo yako hivyo. Mtandao hujibu kwanza kwamba umepokea ombi, kisha baadaye unatuma matokeo: imelipwa au imeshindikana. Mtandao ukiwa mzito, jibu la pili linachelewa. Karani aliyefundishwa vibaya anahesabu ukimya kuwa ni kushindwa, kwa hivyo anatuma tena. Ni sawa na wewe kupeleka gunia la pili kwa sababu hujapigiwa simu kuhusu la kwanza, kumbe matatu imekwama tu njiani na gunia limo ndani.

Wala si wakulima tu wanaopatwa na haya. Siku ya Krismasi 2021, benki ya Santander ya Uingereza ililipa mara ya pili malipo kama 75,000 yaliyokuwa yametoka kwenye akaunti za kampuni karibu 2,000. Ilikuwa mishahara na pesa za wauzaji, jumla pauni milioni 130. Chanzo kilikuwa hitilafu kwenye ratiba ya malipo. Sasa angalia kilichotafutwa baadaye. Benki haikuanza kufuta mishahara yote ya Krismasi. Malipo ya kwanza yalikuwa halali, yakaachwa. Yaliyofuatiliwa ni yale ya pili peke yake.

Mfano wa Plateau

Tuchukue mfano wa kikundi cha maziwa pale Plateau, nje kidogo ya Eldoret. Kikundi hiki na hesabu zake tumevitunga kwa ajili ya kueleza, lakini mtiririko ndio huu hasa. Kina wafugaji 320 wanaolipwa kila nusu mwezi. Mfugaji aliyeleta lita 94 kwa bei ya shilingi 50 anatarajia Sh 4,700.

Usiku wa malipo, karani wa kompyuta analipa mstari wa 1 hadi wa 140 bila tatizo. Kuanzia wa 141 hadi wa 200 mtandao unazubaa. Karani anangoja, hapati jibu, anaandika "imeshindwa" kwenye mistari hiyo 60, halafu anaendelea. Mistari ya 201 hadi 320 inalipwa vizuri. Akimaliza, anarudia ile 60.

Asubuhi mweka hazina anafungua ripoti ya karani. Inasema watu 312 wamelipwa na 8 bado. Hapo mkono unawasha: si tuwalipe hao 8 tumalize? Usiguse. Wakati huohuo kwenye kundi la WhatsApp kuna mtu ameuliza mbona amepata pesa mara mbili.

Kwanza simamisha, usifute

Hatua ya kwanza ni kumzuia karani asifanye kazi tena. Hakikisha umezima pia ratiba yake, kwa sababu programu nyingi za aina hii huamka zenyewe kila baada ya dakika kadhaa na kurudia kilichoandikwa "imeshindwa."

Kusimamisha si kufuta. Usifute foleni ya malipo, usifute ripoti, usipakie orodha mpya juu ya ile ya zamani. Foleni iliyoharibika ndiyo ushahidi wako wa nani alitumiwa mara ngapi na saa ngapi. Ukiisafisha ili "ianze vizuri," umechoma daftari kabla ya kulisoma.

Ripoti ya karani si shahidi

Sasa unahitaji karatasi mbili. Ya kwanza ni orodha iliyoidhinishwa na kamati, yaani kilichopaswa kutokea. Ya pili ni stetimenti ya akaunti ya kikundi kutoka kwa kampuni ya mtandao, yaani kilichotokea. Ripoti ya karani iweke kando. Inaeleza alichodhani, na tumeshaona kwamba alidhani ukimya ni kushindwa.

Linganisha hizo mbili mstari kwa mstari. Hapa ndipo utajua kama kikundi chako kilijiandaa. Kila mstari wa malipo unafaa kuwa na namba yake, kwa mfano 0162-JUN1: mwanachama namba 162, nusu ya kwanza ya Juni. Kama namba hiyo inatokea kwenye stetimenti, fomula moja ya jedwali inatosha. Tuseme orodha ina namba kwenye safu ya A, na stetimenti umeiweka kwenye ukurasa unaoitwa Taarifa, namba zikiwa safu ya A na hali ya muamala safu ya D:

```
=COUNTIFS(Taarifa!A:A,A2,Taarifa!D:D,"Completed")
```

Ukipata 1, mtu amelipwa sawasawa. Ukipata 2, amezidishiwa. Ukipata 0, bado.

Usijaribu mkato wa kuhesabu namba za simu peke yake. Plateau, kama kwingine, kuna mama anayepokea pesa za maziwa yake na za mama mkwe wake kwenye laini moja. Simu ni ileile, na pengine hata lita zilikuwa sawa, lakini hayo ni malipo mawili halali. Ukihesabu kwa simu, utamnyang'anya mama mkwe.

Kwenye mfano wetu, ile mistari 60 iliyorudiwa inagawanyika hivi. Watu 43 walilipwa mara mbili. Watu 9, malipo ya kwanza yalishindikana kweli, ya pili yakafika, kwa hivyo wako sawa. Watu 5, ya kwanza yalifika na ya pili yakakataliwa, nao wako sawa. Watu 3, ya kwanza yalifika lakini ya pili hayajulikani: hayajakamilika wala kushindikana.

Wale 8 ambao ripoti ilisema hawajalipwa ni hao 5 pamoja na hao 3. Wote walikuwa na pesa zao tayari. Mweka hazina angewalipa asubuhi ile, angeongeza makosa mapya juu ya ya zamani.

Asiyejulikana aachwe asijulikane kwanza

Kundi la watu 3 linaonekana dogo, lakini ndilo linalotega. Kila mmoja anataka kulisukuma upande fulani ili orodha ifungwe. Maoni yetu: muamala usiojulikana usilipwe upya wala usirudishwe. Unaulizwa. Kampuni ya mtandao ina njia ya kuuliza hali ya muamala kwa namba yake, na jibu lake ndilo linaloamua. Ikibidi kungoja mpaka kesho, ngoja. Hapa tuseme jibu limekuja: mawili yalifika, moja likashindikana. Sasa hesabu imefungwa: waliolipwa mara mbili ni 45, na waliolipwa sawasawa ni 275. Miamala iliyopita ni 365, yaani 320 halali na 45 ya ziada, na pesa za ziada ni Sh 211,500.

Rudi sasa kwa yule aliyesema "rudisheni zote." Angegusa miamala 365 ili kurekebisha 45. Wafugaji 275 wasio na kosa wangeamka wakute pesa zimetoka. Wengine wangekuwa wameshalipa karo au wamenunua dawa ya kupe dukani, kwa hivyo salio halitoshi na kurudisha kunagoma. Halafu kikundi kikilipa upya watu wote 320, hao ambao kurudisha kuligoma wanapata mara mbili. Umefanya kazi ya siku tatu na bado una orodha ya waliozidishiwa, isipokuwa sasa ni watu wengine na hujui ni nani.

Rudisha moja, na iwe ileile kwa kila mtu

Mtu aliyepokea Sh 4,700 mara mbili anarudishiwa nyuma muamala mmoja. Upi? Kwa pesa hakuna tofauti, zote ni 4,700. Kwa usalama tofauti ni kubwa. Chagua kanuni moja na ishikeni wote: unaorudishwa ni wa pili kwa saa. Bila kanuni hiyo, mweka hazina anaweza kuombea rivasi muamala wa kwanza, msaidizi wake akaombea wa pili, kila mmoja akiamini amerekebisha. Mfugaji anabaki na sufuri.

Kumbuka pia kwamba kurudisha hakufuti chochote. Ni muamala mpya unaoenda kinyume na ule wa zamani, na yote miwili inabaki kwenye stetimenti. Kwa hivyo andika kwenye jedwali lako namba ya muamala uliokosewa na, kando yake, namba ya muamala ulioirudisha. Safu hiyo ya pili ikishajazwa, mstari huo haumhusu mtu tena.

Kama kurudisha nako kunafanywa na programu, basi huyo ni karani mwingine wa kompyuta, na anaweza kukosea kama mwenzake. Mpe mistari 5 kwanza. Angalia stetimenti: je, imetoka miamala 5, kwa watu wale, kwa kiasi kile? Ndipo umpe 40 iliyobaki. Na umwekee mpaka: isizidi miamala 45, isizidi Sh 211,500. Ukifika mpaka huo, asimame hata kama anadhani bado ana kazi.

Pesa zikishaliwa

Hapa ndipo kompyuta inaishia na watu wanaanza. Kati ya wale 45, tuseme 29 bado walikuwa na pesa kwenye simu, na Sh 132,000 zikarudi. Wengine 11, salio halikutosha. Baadhi walikuwa wametumia. Wengine hawakugusa kitu: walikuwa na deni la Fuliza, na pesa yoyote ikiingia kwenye laini yenye deni hilo, deni linakatwa lenyewe. Mtu wa namna hiyo hajaiba, na hata hakupata nafasi ya kuamua.

Kwa hao tunashauri kukata kwenye malipo ya maziwa yajayo, kwa makubaliano ya kila mmoja, na kwa awamu kama kiasi ni kikubwa. Kwenye mfano wetu hiyo ni Sh 56,500. Watu 3 walirudisha wenyewe Sh 14,000 kwa akaunti rasmi ya kikundi. Wawili wameacha kuleta maziwa, na Sh 9,000 zao zimebaki deni ambalo kamati itafuatilia. Jumlisha zote nne na utapata Sh 211,500. Jumla isipofunga, kuna mstari umesahaulika.

Kuna wanaosema mkulima aliyezidishiwa akatwe zote mara moja, na gharama za kutuma juu yake. Hatukubali. Kosa lilifanywa upande wa anayetuma, kwa hivyo gharama ni za anayetuma. Mkulima anadaiwa kilichozidi, basi, bila hata shilingi moja juu.

Na msibandike orodha ya majina kwenye kundi la WhatsApp. Machi 2024, mfumo wa Benki ya Biashara ya Ethiopia ulipata hitilafu na wateja, wengi wao wanafunzi wa vyuo vikuu, wakaweza kutoa pesa zaidi ya walizokuwa nazo. Zaidi ya dola milioni 40 zilitoka. Benki iliahidi kwamba atakayerudisha hatashtakiwa, na wengi wakarudisha. Baadaye ilitangaza majina na picha za ambao hawajarudisha. Benki kubwa inaweza kubeba uadui wa namna hiyo. Kikundi cha majirani wanaokutana kila asubuhi kwenye kituo cha maziwa hakiwezi. Mpigie mtu simu, mmoja mmoja.

Na wewe uliyepokea?

Ukiona meseji mbili, usiamini meseji peke yake. Piga *334# uangalie salio lako halisi. Kama pesa kweli imeingia mara mbili, iache mahali ilipo na umwarifu mweka hazina kwa namba unayoijua. Sheria ya Kenya ya 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta, kifungu cha 35, inahesabu kuwa kosa kuficha kwa makusudi malipo ya kielektroniki yaliyokufikia kimakosa. Kukaa kimya ukitumaini watasahau si njia salama.

Lakini usikimbilie kutuma pesa pia. Habari za mkupuo ulioharibika husambaa haraka, na matapeli nao wana simu. Atakupigia mtu akisema, "Mimi ni wa ofisi ya maziwa, turudishie ile ya pili kwa namba hii." Ukimtumia, kesho kikundi kitarudisha muamala wao kwa njia rasmi na wewe utakuwa umelipa mara mbili. Kama pesa itarudi kwa rivasi, huhitaji kutuma chochote, na hakuna anayehitaji namba yako ya siri.

Maswali mawili kabla ya mkupuo ujao

Unayetuma, muulize anayekupa huduma ya malipo ya mkupuo mambo mawili. Karani wako akikosa jibu, anatuma tena au anauliza kwanza? Na akituma tena, anatumia namba ileile ya mstari au namba mpya? Anayetumia namba ileile anaupa mtandao nafasi ya kutambua kwamba 0162-JUN1 imeshashughulikiwa na kuikataa. Anayetumia namba mpya anaufanya mtandao uone malipo mawili tofauti, yote halali.

Kama majibu hayaeleweki, usimpe mistari 320 kwa mkupuo mmoja. Mpe 50, soma stetimenti, kisha mpe 50 nyingine. Itachukua asubuhi nzima badala ya usiku mmoja, lakini likitokea la kutokea, unapambanua watu 50 tu, na wale wengine wanakunywa chai yao bila kujua kulikuwa na tatizo.